Uvira: ujumbe wa prefe kwenye simu bado si komunike

Mwezi unapokaribia kuisha, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, simu za wazazi zinaanza kulia. Ni mkuu wa shule. Maneno yanabadilika kidogo tu kutoka shule moja hadi nyingine. Huu hapa ni wa mfano, lakini hakuna mzazi wa Uvira atakayeuona kuwa mgeni:

"Jambo wazazi. Nawakumbusha ile feza ya shule, mwezi inaisha. Wenye hawajamaliza wajipange, kesho watoto watarudi nyumbani. Na siku ya posho kuko mukutano saa nane, wote mufike, hakuna sababu. Asanteni, Mungu awabariki."

Siku mbili baadaye ujumbe kama huo unafika mezani kwa sekretari wa shule, au kwa mwalimu wa Kifaransa anayejulikana kwa kuandika vizuri. Anaombwa auweke kwa lugha ya ofisi, upigwe kashe, ubandikwe. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanadhani kazi ni ya lugha: ondoa "jambo wazazi", weka "kwa heshima na taadhima", tia jina la wizara juu na muhuri chini, na komunike imezaliwa. Lakini ujumbe wa prefe haukosi heshima. Una salamu, una asante, una baraka. Kinachokosekana ni habari, na hakuna lugha ya ofisi inayoweza kuziba shimo hilo.

Tusome tena maneno yenyewe. "Ile feza" ni ipi? Katika shule moja ya sekondari mzazi anaweza kudaiwa malipo ya mwaka, pesa ya mtihani wa taifa kwa mtoto aliye darasa la mwisho, pesa ya biletini, na mchango wa kutengeneza paa. "Wenye hawajamaliza" wamebakiza kiasi gani, na kwa kufika tarehe gani? "Wajipange" ni ushauri au ni amri? "Watoto watarudi nyumbani" ni wote, au ni wale wasiolipa hata franka moja? Prefe anajua majibu yote, kwa sababu daftari liko mbele yake. Mzazi anayeuza ndagala sokoni hana daftari hilo.

Kwa hiyo anayeandika upya ana kazi moja ya kwanza, na si ya kushika kalamu. Ni kumrudia mkuu wa shule na kumuuliza. Kila mahali ambapo ujumbe unanyamaza, jibu litoke kwa mwenye ujumbe. Sekretari asijaze mwenyewe. Kishawishi cha kujaza ni kikubwa, kwa sababu lugha ya ofisi ina maneno yanayokuja yenyewe: "kwa amri ya mamlaka", "bila kuchelewa", "hatua kali zitachukuliwa". Prefe alisema wajipange. Karatasi inatoka ikisema watafukuzwa. Mzazi akifika na hasira, prefe anashangaa maneno hayo yametoka wapi, na yana sahihi yake.

Swali la kwanza la sekretari mwenye busara ndilo gumu kuliko yote: pesa hii inadaiwa kwa msingi gani? Katika nchi hii jibu linategemea darasa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, na tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 serikali ilianza kukitekeleza. Shule za makanisa zenye mkataba na serikali zimo humo pia. Lakini shule za sekondari, za chekechea na za watu binafsi zinaendelea kudai malipo, na kwa shule za umma kiasi kinapangwa kwa amri ya gavana wa jimbo, ile inayoitwa arete, mwanzoni mwa mwaka wa shule.

Hapa ndipo tofauti ya simu na karatasi inapoonekana. Kwenye simu, "ile feza" inaweza kuombwa kwa mzazi wa darasa la tatu la msingi bila mtu kuuliza kitu. Maneno yanapita, kesho yamefunikwa na salamu na picha za harusi. Kwenye komunike yenye namba, tarehe na sahihi, mstari huo huo unageuka kuwa ushahidi. Mkuu wa shule ya msingi ya umma anayetakiwa kuandika "kufuatana na amri ya gavana namba fulani" atagundua kwamba hana cha kuandika baada ya neno "namba". Si vibaya kufikiri kwamba baadhi ya wakuu wanapenda simu kwa sababu hiyo hasa, ingawa wengi wao wanaipenda kwa sababu ni ya haraka na karatasi inagharimu.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari zaidi. Mzazi wa kwetu anauheshimu muhuri. Akiona jina la Jamhuri juu na kashe ya duara chini, anaamini kwamba serikali imesema. Mchango usio halali ukiandikwa vizuri, ukapewa namba na muhuri, haubadiliki kuwa halali, lakini unaonekana hivyo, na mzazi ambaye angeubishia kwenye simu anaulipa kimya. Sekretari anayetengeneza karatasi kama hiyo hajasaidia kuweka mambo sawa. Amempa mkuu wake koti la kuvaa juu ya shati chafu.

Ni haki pia kusema kwa nini wakuu wa shule wanaandika kama wanavyoandika. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi wa nchi nzima waliingia mahali pake na kuanza kulipa kile kilichoitwa primu. Mpango wa dharura ukadumu zaidi ya miaka 25. Hata leo kuna walimu wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya mishahara, na prefe ndiye wanayemgongea mlango tarehe 30. Ujumbe wake wa usiku unatoka kwa mtu aliyebanwa pande mbili. Hilo linaeleza haraka yake, lakini mzazi bado hajui anadaiwa nini.

Swali la pili ni la sarafu, na hapa Uvira lina uzito wa pekee. Malipo ya shule yanatajwa kwa dola, mzazi analipa kwa franka za Kongo, na yule anayefanya biashara upande wa Gatumba ana franka za Burundi mfukoni. Tuchukue hesabu ya mfano. Shule inadai dola 15 kwa sehemu ya pili ya mwaka. Ikiwa dola inahesabiwa kwa franka 2 800, mzazi analeta franka 42 000. Ikiwa inahesabiwa kwa 2 300, analeta 34 500. Tofauti ni franka 7 500 kwa mtoto mmoja. Kwa shule yenye wanafunzi 300, hiyo ni franka 2 250 000. Si hadithi ya kubuni: mwishoni mwa mwaka 2025 franka yetu ilipanda thamani kwa muda mfupi, na mtu aliyeendelea kupokea pesa kwa kiwango cha zamani alibaki na kitu mkononi. Ujumbe wa simu hautaji kiwango. Komunike ikikitaja, au ikisema kitasomwa wapi kila siku, mlango huo umefungwa.

Swali la tatu ni la tarehe. Mkuu wa shule anapenda mwisho wa mwezi, kwa sababu ndipo yeye anapodaiwa. Lakini kwenye ufuko huu, kutoka Uvira kushuka Makobola hadi Baraka, nyumba nyingi zinakula kutokana na ziwa, na uvuvi wa ndagala na mikeke ni wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa angani, samaki hawafuati taa, na mitumbwi inakaa pwani karibu juma zima. Tarehe ya mwisho ikiangukia katika juma hilo, mzazi mvuvi atashindwa hata akiwa na nia njema. Ikisogezwa siku kumi, baada ya usiku wa giza, atalipa. Prefe aliyezaliwa hapa anayajua hayo. Simu haimlazimishi kuyafikiria, kwa sababu neno "kesho" halihitaji kalenda.

Sasa komunike yenyewe. Juu inakaa majina ya Jamhuri, wizara, jimbo la Kivu Kusini, jimbo la elimu, kisha shule. Kushoto inakaa namba kutoka katika rejista ya barua zinazotoka, kulia mahali na tarehe. Halafu maneno, kwa shule hii ya mfano:

"Kuhusu: sehemu ya pili ya malipo ya mwaka, madarasa ya sekondari peke yake.

Kwa wazazi na walezi wote.

Uongozi wa shule unawakumbusha kwamba sehemu ya pili ya malipo ya mwaka huu ni dola 15 kwa kila mwanafunzi, na mwisho wa kuilipa ni siku ya ijumaa tarehe 27 Machi. Kiasi hiki ndicho kilichotangazwa mwanzoni mwa mwaka kufuatana na amri ya gavana. Nakala ya amri hiyo imebandikwa kwenye ubao wa shule.

Anayelipa kwa franka atahesabiwa kwa kiwango cha benki cha siku anayolipa. Kiwango hicho kinaandikwa kila asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya mhasibu. Mhasibu peke yake ndiye anayepokea pesa, na kila anayelipa anapewa risiti yenye namba. Mwalimu haruhusiwi kupokea pesa darasani.

Mzazi atakayeshindwa kumaliza kwa tarehe hiyo anaombwa kufika ofisini kabla ya tarehe 20 Machi, ili wapatane na shule namna ya kulipa kidogo kidogo. Mapatano yataandikwa na kusainiwa na pande zote mbili. Mwanafunzi ambaye mzazi wake amepatana na shule ataendelea na masomo."

Chini ni jina, cheo, sahihi na muhuri, na mstari unaosema nakala imepelekwa kwa mwenyekiti wa komite ya wazazi. Hiyo tu. Haijai ukurasa.

Mtu akiilinganisha na ujumbe wa simu ataona kwamba tisho limepotea. Halikufichwa kwa maneno laini. Sekretari alipouliza "watoto gani watarudi nyumbani, na kuanzia siku gani?", mkuu wa shule alilazimika kuamua, na akaona kwamba anachotaka ni mzazi aje aongee. Mtoto aliyesimama nje ya geti hamleti baba yake ofisini kwa haraka zaidi. Mara nyingi anaishia kwenye ufuko, akisaidia kuvuta nyavu. Neno "wanaombwa" limekuja mahali pa "hakuna sababu" kwa sababu hiyo. Lakini mahali pa lazima, yaani tarehe, mhasibu, risiti, hakuna ombi. Ni taarifa, inasemwa kama ilivyo.

Mkutano haumo katika karatasi hii, na haukusahauliwa. Ujumbe wa simu ulifunga pesa na mkutano pamoja kama samaki wawili kwenye kamba moja, na hilo ndilo kosa lake baya kuliko yote. Mzazi aliyeitwa kwa ujumbe wa madeni anadhani mkutano ni wa wadaiwa. Asiye na pesa anaona aibu, habaki nyumbani kwa dharau. Aliyelipa anasema hauhusiki naye. Wanafika wachache, wanaambiwa kwamba mchango wa paa ni dola 5, wanapiga makofi wamalize waende, na kesho yake wazazi wote wanadaiwa dola 5 "zilizokubaliwa na mkutano mkuu". Hakuna aliyedanganya mtu, na bado wengi wameamuliwa jambo ambalo hawakujua litazungumzwa.

Kwa hiyo mwaliko wa mkutano ni karatasi ya pili, yenye namba yake. Na mkuu wa shule haitishi peke yake. Mkutano mkuu wa wazazi ni wa komite yao, ile Kopa inayojulikana, na sahihi ya mwenyekiti wake ikae kando ya ile ya shule. Ikiwa mwenyekiti hajui kwamba ameitisha mkutano, afadhali ajulikane mapema. Katikati ya karatasi kuna ajenda, na ajenda si "mambo ya shule na mengineyo". Iwe hivi: "Kupokea hesabu ya sehemu ya kwanza ya malipo. Kuzungumza na kuamua kama wazazi watachangia paa la madarasa mawili, kwa makadirio yaliyobandikwa kwenye ubao wa shule tangu tarehe 7 Machi." Mzazi aliyesoma hivyo anajua kwamba pesa yake itazungumzwa. Atafika, au atamtuma mtu, au atanyamaza akijua ananyamazia nini. Na kile kisichoandikwa kwenye ajenda kisipigiwe kura siku hiyo, hata kama wote waliofika wanakitaka.

Saa nayo ina hadithi. "Saa nane" ya prefe ni baada ya adhuhuri kwa anayehesabu Kiswahili. Kwa mwenye kuhesabu Kifaransa, saa nane ni asubuhi, na watu wa aina zote mbili wanaishi nyumba moja hapa Uvira. Kuna anayefika asubuhi akakuta geti limefungwa, akarudi zake Kilibula akiapa kutokuja tena. Karatasi iandike tarakimu, 14h00, na pembeni "saa nane ya mchana", kisha iseme mkutano utaisha saa ngapi. Mama mwenye meza sokoni Mulongwe anaweza kumwachia jirani biashara kwa saa mbili. Kwa muda usiojulikana hawezi.

Yako malalamiko mawili ambayo wakuu wa shule wanayatoa, na yote mawili yana kweli ndani yake. La kwanza ni kwamba wazazi hawasomi karatasi. Lakini karatasi gani? Komunike nyingi zinatoka kwa Kifaransa, kwa sababu mwandishi anaona Kiswahili hakina uzito wa ofisi. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na mzazi asiyefika mbali shuleni anakisoma au anasomewa na mtoto wake bila taabu. Kifaransa kibaki kwenye nakala inayopelekwa kwa wakubwa wa elimu. Cha wazazi kiwe Kiswahili cha kawaida, si cha vitabu vya Dar es Salaam wala cha mazungumzo ya pale bandarini. Na kwa asiyesoma kabisa, mkuu wa shule ana sauti: aisome komunike ile ile neno kwa neno, airekodi, aitume kwenye simu.

La pili ni gharama na haraka. Karatasi 300 ni pesa, na nyingi zinaishia chini ya mfuko wa mtoto pamoja na maganda ya karanga. Hakuna haja ya 300. Nakala moja kwenye ubao, moja kwa komite ya wazazi, moja kwenye faili, na picha ya ile iliyosainiwa itumwe kwa kila mzazi. Ujumbe wa simu haufi. Unabaki mfupi, kwa mdomo ule ule wa prefe: "Jambo wazazi, komunike namba 14 ya malipo imetoka, iko hapa chini na kwenye ubao. Mwenye swali afike ofisini asubuhi." Tarehe na kiasi havirudiwi humo, ili zisizuke habari mbili zinazopingana. Na ikiwa kitu kimebadilika, kisirekebishwe kwa ujumbe wa usiku. Itoke komunike nyingine inayosema inafuta ile namba 14.

Wanaopuuza rejista ya barua wafikirie kinachotokea prefe anapohamishwa. Kundi la simu liko kwenye simu yake, na anaondoka nayo. Mpya anafika, anamkuta mzazi anayesema alipatana na aliyetangulia kulipa mara tatu, na hakuna mahali pa kuangalia. Rejista na faili vinabaki shuleni, ilimradi viwekwe juu: Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika, maji na matope yaliingia mjini na kubomoa nyumba nyingi, na kabati la chini halikuokoa karatasi za mtu. Rafu ya juu kabisa inatosha, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vitabu vya risiti na karatasi za mapatano zilizosainiwa na wazazi.